Mangi alijaza chupa kabla ya Berlin

Mwaka wangu wa kwanza hapa Berlin, wenyeji wangu walinipeleka kwenye duka lisilo na vifungashio, wakiwa na fahari kama wananionyesha bahari. Unaingia na kopo lako, unalipima likiwa tupu, unaandika uzito wake, unajaza dengu, unapima tena, unalipia tofauti. Nikatabasamu tu. Mimi nimekua nikitumwa kwa Mangi pale Pasua, Moshi, na chupa ya soda mkononi: "Kachukue mafuta ya kupima, na usimwage."

Tofauti niliiona kwenye bei. Pale kwa Mangi kujaza ni rahisi kuliko kununua kilichofungwa. Hapa dengu za kujaza zilikuwa ghali kuliko za pakiti, na mteja alitakiwa alipie dhamiri yake. Duka moja maarufu la namna hiyo hapa Berlin lilifunguliwa mwaka 2014, na mwaka 2022 likaomba kufilisiwa. Kinachodumu Ujerumani ni amana ya chupa: tangu mwaka 2003 chupa ya plastiki ya kutupa inaachiwa senti 25, kama shilingi 700 za kwetu, na unarudishiwa ukiirudisha. Hakuna anayeulizwa kama anapenda mazingira.

Basi mdogo wangu, ambaye naye ana duka Pasua na anauza sabuni ya maji, alipotaka kuanza kujaza, nikamwambia tusiulize watu, tupime. Yeye aliuliza hata hivyo. Karibu wote wakamjibu, "Tutaleta chupa, dada, wazo zuri." Jibu kama hilo halina gharama, na sisi Wachaga hatumvunji moyo muuza duka usoni.

Lita moja ndani ya chupa mpya ilikuwa 2,000, na chupa tupu yenye kifuniko inamgharimu 350. Tukajaribu namna tatu kwa miezi mitatu. Kila namna ilipata wiki moja mwanzoni mwa mwezi na nyingine karibu na mwisho, maana tarehe 28 Pasua si ile ya tarehe 2, na ukichanganya utadhani bei imefanya kazi kumbe ni mshahara. Kwanza, ukija na chupa yako unalipa 2,000 ileile. Pili, ukija na chupa unalipa 1,700. Tatu, sabuni ni 1,700 kwa kila mtu, ila ukichukua chupa yetu unaweka amana ya 500. Kila namna tulihesabu wanunuzi 50 wa kwanza waliokwisha kununua hapo kabla.

Kwa bei ileile walileta chupa 6. Kwa punguzo la 300, 17. Kwa amana, 38.

Mjuzi atanikosoa kwamba 500 si 300, kwa hiyo siwezi kujua kama kilichowasukuma ni ukubwa wa pesa au ni uchungu wa kupoteza hela yako mwenyewe. Ana haki. Tulipaswa kuweka amana ya 300, ila mdogo wangu alikataa: chupa isiporudi, hamsini inatoka kwake.

Na amana ina madhara ambayo zile 38 hazionyeshi. Wiki za punguzo aliuza madumu manne ya lita 20. Za amana, matatu. Mgeni anayepita bila chupa anasikia 2,200 na kuvuka barabara. Mama mmoja alimwambia, "Mwanangu, nimekuja kununua sabuni, sikuja kukukopesha." Halafu siku ya nne watoto wakaanza kuleta chupa za maji zilizookotwa mtaroni wakidai 500. Dawa ikawa rangi ya kucha nyekundu, mstari mmoja shingoni mwa kila chupa yetu. Isiyo na mstari inajazwa bila amana, lakini hailipwi 500.

Kujaza kwenyewe kuna ufundi. Sabuni ikidondoka toka juu inatoa povu, chupa inaonekana imejaa kumbe ina robo tatu, na mteja anajua. Mpira wa bomba lazima ufike chini kabisa ya chupa na upandishwe taratibu. Chupa iliyosuuzwa ikabaki na maji inaifanya sabuni iwe nyepesi, na baada ya siku kadhaa inanuka. Kwa hiyo chupa inapinduliwa ikauke, au unampa mtu nyingine yenye mstari. Na kila chupa inanuswa. Iliyowahi kubeba mafuta ya taa hairudi dukani.

Kwa sasa amebaki na mchanganyiko: anayekuja na chupa 1,700, anayetaka ya kutupa 2,000, na amana kwa wateja wa daftari tu, wale anaowajua kwa majina. Desemba mji ukijaa waliorudi kula Krismasi, nataka tujaribu amana kwao pia. Hao wanakuja mikono mitupu, lakini wana hela.