Jumanne iliyohamia Jumatano

"Ofisi yetu ya Mjini ina kalenda yake, ya Chake Chake ina yake, na programu inazioanisha kila nusu saa. Tukihamisha kikao cha Jumanne cha wiki moja tu, kinaonekana mara mbili. Na mhasibu tuliyemtoa anarudi kwenye orodha. Tuzime kuoanisha, au tuifanye iwe kila dakika tano?"

Kasi haitasaidia. Hata programu ikipita kila dakika, makosa haya yatatokea vilevile. Mtayaona mapema tu.

Kikao kinachojirudia hakihifadhiwi kama vikao 52 vya mwaka. Huhifadhiwa tukio moja lenye kanuni, "kila Jumanne saa nne asubuhi", na kalenda yenyewe ndiyo inayozitoa tarehe. Tuseme Jumanne ya tarehe 13 Mei 2025 bahari ilichafuka, boti ya Mkoani haikuondoka, na ofisi ya Mjini ikakisogeza kikao hadi kesho yake. Kanuni haikuguswa. Pembeni yake pameandikwa kijitawi:

```
UID:kikao-jumanne@mfano
RECURRENCE-ID;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20250513T100000
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20250514T100000
```

Mstari wa kwanza unataja kikao ni kipi, wa pili unasema ni tarehe ipi iliyohamishwa, wa tatu unasema imehamia wapi. Programu inayoulinganisha ule wa tatu peke yake huona kikao kigeni cha Jumatano na kukiandika Chake Chake. Huko kanuni bado inaitoa Jumanne kama kawaida, basi wamepata viwili. Na kwa kuwa inaoanisha pande zote mbili, raundi inayofuata inaweza kuirudisha Jumanne ile Mjini. Kwetu hili si jambo la mara moja kwa mwaka: kikao kikiangukia Idi, watu hungoja mwezi uandame ndipo wakihamishe, usiku, kila mtu kwa simu yake.

Dawa yake ni kulinganisha `UID` pamoja na `RECURRENCE-ID`. Lakini kalenda zenyewe hazikubaliani. Kwenye kiunganishi cha Google, yaani mlango ambao programu nyingine huingilia kalenda yake, tarehe zote za mfululizo mmoja zina `iCalUID` moja. Kwenye Microsoft Graph, kiunganishi cha Microsoft, `iCalUId` hubadilika kila tarehe. Jina ni lilelile, maana mbili. Aliyeandika programu kwa kutazama upande mmoja ataamini amemaliza kazi.

Mhasibu ni kesi nyingine. Mjini orodha ina watu wawili, Chake Chake ina watatu. Je, mhasibu alitolewa Mjini, au aliongezwa Chake Chake? Ukizitazama orodha hizo mbili tu, huwezi kujua, na programu nayo haijui. Nyingi huchagua kujumlisha, ndiyo maana aliyetolewa anafufuka. Lazima ikumbuke orodha ya tatu: ile iliyokuwapo raundi iliyopita. Kama alikuwamo, ametolewa. Kama hakuwamo, ameongezwa. Zaidi ya hapo, Google ikipokea orodha ya waalikwa huifuta ya zamani yote na kuweka mpya, hata kwa `patch`, amri ya kubadilisha sehemu tu ya tukio. Programu ikisahau kubeba `responseStatus`, yaani jibu la kila mwalikwa, aliyekwisha kukubali anaonekana hajajibu. Isipodhibiti `sendUpdates`, kipengele kinachoamua nani aarifiwe, watu wanaweza kuletewa barua pepe kwa badiliko wasilolijua.

Sasa, kuzima au kutozima? Wanaotetea kuoanisha pande zote wana hoja ya kweli: mtu wa Chake Chake akiwa kwenye simu yake, hataki kuambiwa "nenda kabadilishe kwenye kalenda ya Mjini". Akishindwa, atapiga simu, na kalenda itabaki na uongo. Wanaopinga nao wana haki, kwani watu wawili wakigusa tukio moja ndani ya nusu saa ileile, mara nyingi aliyeandika mwisho ndiye anayebaki, na wa kwanza haambiwi kitu.

Mimi naegemea njia ya upande mmoja kwa vikao vinavyojirudia, na pande zote kwa vya siku moja. Kikao cha Jumanne kiwe na kwao, tuseme Mjini. Chake Chake wapate nakala isiyo na waalikwa, majina yakiwa kwenye maelezo tu. Nakala isiyo na waalikwa haimwandikii mtu barua. Gharama ipo: mtu wa Chake Chake hataweza kubonyeza "nakubali" kwenye nakala. Kwa ofisi ya watu sita naiona ndogo. Kwa ya watu sitini nisingeithubutu.

Kabla ya kuamua, fungueni kikao cha majaribio cha wiki nne. Hamisheni wiki ya pili, mtoeni mtu mmoja wiki ya tatu, kisha badilisheni saa na mteue "hili na yanayofuata" kwenye wiki ya nne, maana hapo Google huukata mfululizo na kuanzisha mwingine wenye utambulisho mpya. Acheni programu ipite mara mbili. Raundi ya kwanza mara nyingi hupendeza. Jumanne iliyokufa hurudi kwenye ya pili.