Neno "Nzuri" Linafanya Nini Ndani ya Agizo la Picha

Wengi wanaoandika maagizo, au prompti, ya programu za kuunda picha huanza na sifa: picha nzuri, ya kuvutia, ya ajabu, yenye ubora wa hali ya juu. Ushauri wa kuziacha sifa hizo umeenea, lakini sababu inayotolewa mara nyingi, kwamba ni maneno matupu yasiyo na maana yoyote kwa mashine, si sahihi. Mashine ina maana yake ya "nzuri", tena maana iliyo wazi kabisa, na ugumu wote unatokana na hapo.

Programu ya Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti 2022, ni mfano unaofaa kwa sababu mafunzo yake yanajulikana. Ilifundishwa kwa picha zilizochukuliwa kwenye mkusanyo wa LAION-5B, wenye jozi zaidi ya bilioni 5.8 za picha na maandishi yaliyokutwa pamoja nazo mtandaoni, na katika toleo la kwanza maandishi yaliyotumika yalikuwa hasa ya Kiingereza. Maandishi hayo hayakuandikwa ili kumfundisha yeyote. Yaliandikwa na muuza magauni, mpiga picha za harusi, hoteli ya ufukweni, na mtu anayegawa picha za kupamba kioo cha simu. Sasa tujiulize ni nani kati ya hao huandika "nzuri" au "ya ajabu" chini ya picha yake. Ni yule mwenye kitu cha kuuza au cha kusifia, na picha zake zinafanana: jua limeinama, ngozi ni laini, uso uko katikati, na nyuma kumefifia. Programu imejifunza ulinganifu huo. Ukiiambia "nzuri", inakuletea jua lililoinama na ngozi laini, hata kama hukuviwaza kamwe.

Kuna jambo la pili linaloongeza uzito wa hoja hii. Waundaji wa Stable Diffusion walimalizia mafunzo ya toleo la kwanza kwa kutumia picha zilizokuwa zimepimwa na programu nyingine kwa kipimo cha mvuto, wakachukua zile zilizopata alama zaidi ya 5. Kwa hiyo mwelekeo wa kupendeza umo ndani ya programu kabla hujaandika neno hata moja. Kuongeza "nzuri" juu yake ni kuisukuma zaidi upande ambao tayari imeuegemea, na ndiyo maana picha za namna hiyo hutoka zikifanana, mwandishi awe Mombasa au Muscat.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate mpaka mwisho. Mtu anataka picha ya tangazo la biashara ya vitumbua vya asubuhi vinavyopikwa barazani jijini Dar es Salaam, naye anaandika: "Picha nzuri na ya kuvutia ya mama wa Kiafrika akipika vitumbua vitamu, mazingira ya ajabu." Matokeo ya agizo la aina hii yanatabirika kwa kiasi kikubwa. Atatokea mwanamke kijana anayetabasamu akiikodolea macho kamera, mwenye ngozi ya kung'aa na nguo ambayo haijawahi kugusa moshi. Nyuma yake kutakuwa na mwanga wa dhahabu, na mbele yake sahani ya kitu kinachofanana na donati au chapati nene. Hakuna sentensi iliyokosewa katika agizo. Ila sifa nne zimeeleza jinsi mtazamaji anavyotakiwa kujisikia, na hakuna hata moja iliyoeleza kilichopo barazani.

Ili kulirekebisha, swali la kujiuliza kwa kila sifa ni hili: mtu aliyesimama pale angeona nini hata akasema panapendeza? Alfajiri kabla jua halijachomoza, mwanga unatoka sehemu mbili. Mmoja ni wa makaa, mwekundu wa machungwa, unaopiga kidevu na mikono kutoka chini. Mwingine ni wa anga, wa buluu hafifu, unaoangukia mabega na ukuta. Kuandika "mwanga wa makaa kutoka chini upande wa kushoto, anga ya buluu kabla ya macheo" kunafanya kazi ambayo "mazingira ya ajabu" haiwezi kuifanya, kwa sababu kunataja chanzo, upande na rangi. Ukiniuliza jambo moja tu la kubadilisha katika agizo lolote, nitataja mwanga. Mwanga huamua rangi ya kila kitu kilichomo kwenye picha na mahali vivuli vinapolala, na sifa ya jumla huiachia programu iuchague yenyewe.

Baada ya mwanga, tutaje vitu vyenyewe. Neno "kitumbua" halimo kwa wingi katika maandishi yaliyofundishia programu hizi, kwa hiyo jina pekee halitoshi, na "vitamu" haiongezi chochote kinachoonekana. Kinachosaidia ni kueleza umbo: vikate vidogo vya mviringo vya unga wa mchele, vilivyotuna juu na chini, kahawia iliyokolea sehemu zilizogusa chuma na vyeupe kidogo kwenye mkanda wa katikati. Chuma chenyewe nacho kielezwe hivyo hivyo, yaani karai zito jeusi la duara lenye vishimo, mafuta yakichemka pembezoni mwa kila kishimo, na kijiti kikigeuza kimoja. Kitendo hicho cha kugeuza kina faida nyingine: kinawapa macho na mikono ya mama kazi, naye anaacha kuitazama kamera.

Kilichobaki ni mahali pa mtazamaji na dalili za matumizi. "Kamera usawa wa jiko, umbali wa mita moja, lenzi ya milimita 35" inaleta picha ya mtu aliyechuchumaa mbele ya jiko, ambapo barabara na beseni la plastiki lenye kifuniko vinaonekana nyuma. Tusidhani programu inapima milimita kweli. Inakumbuka tu sura ya picha zilizoambatana na maandishi hayo, na hilo linatosha. Kuhusu matumizi, kanga iliyopauka iliyofungwa kiunoni na masizi kwenye miguu ya jiko vinatosha kuondoa ule usafi wa dukani ulioletwa na "ya kuvutia".

Agizo jipya basi linasomeka hivi: "Mwanamke wa miaka hamsini hivi amechuchumaa kando ya jiko la mkaa barazani, anageuza kikate cha mviringo kwa kijiti katika karai jeusi lenye vishimo; vikate vimetuna, kahawia juu na chini; mwanga wa makaa kutoka chini kushoto, anga ya buluu kabla ya macheo; kanga iliyopauka kiunoni; kamera usawa wa jiko, lenzi ya milimita 35." Hakuna neno la kusifu, na bado anayelisoma ataiona picha kabla programu haijaiunda.

Upande wa pili una hoja ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba zipo programu ambazo maneno ya ubora yalipandwa ndani yake kwa makusudi. Baadhi ya programu za kuchora katuni za mtindo wa Kijapani zilifundishwa kwa picha zilizobandikwa vitambulisho vya ubora, na humo kuandika `masterpiece, best quality` ni kama kufungua swichi iliyowekwa na fundi. Huko maneno hayo hayahukumu uzuri, yanaita kitambulisho kinachojulikana. Anayeyaondoa kwa kufuata kanuni ya jumla anajinyima chombo halali. Ila yakihamishiwa kwenye programu ambayo haikufundishwa hivyo, hayaiti kitambulisho chochote, na kazi yake inarudi kuwa ile ya "nzuri".

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Programu za karibuni hazilipeleki agizo lako kwa mchoraji, yaani ile sehemu inayounda picha, kama ulivyoliandika. DALL-E 3, iliyotoka mwaka 2023, ilipowekwa ndani ya ChatGPT, agizo fupi liliandikwa upya na kurefushwa kwanza, na ndiyo maana mtu aliyeandika "jahazi zuri" aliweza kupata picha iliyojaa mambo. Mtetezi wa sifa anauliza: kama programu inajaza yenyewe, nijisumbue kwa nini? Kwa mtu asiyejua bado anachotaka, naona hoja hiyo ni ya haki. Agizo legelege linampa mapendekezo ya kuanzia. Lakini kinachotokea hapo kinathibitisha upande wa kwanza. Programu inayoandika upya hulibadilisha neno "zuri" kuwa tanga, upepo, saa na rangi ya maji, kwa kuwa mchoraji anahitaji hivyo. Waundaji wake wenyewe walieleza kwamba waliifundisha kwa maelezo marefu yanayotaja kilichomo kwenye picha, badala ya maandishi ya mtandaoni yalivyokutwa. Maelezo dhahiri yanaandikwa vyovyote iwavyo, na ukiacha kuyaandika, umemwachia mwingine achague jahazi lako ni la Lamu au la bahari isiyojulikana.

Hoja ya tatu inahusu wingi. Kisomaji cha maandishi cha Stable Diffusion ya kwanza, kiitwacho CLIP, hupokea tokeni 77 tu, yaani vipande vya maneno, mbili kati yake zikiwa za kufungua na kufunga, na neno moja refu huweza kula tokeni kadhaa. Kiswahili hasa hukatwakatwa vipande vingi, na kisomaji hicho hakikifahamu sana, kwa hiyo agizo letu la vitumbua lingehitaji kuandikwa kwa Kiingereza humo. Tena, rangi zikiwa nyingi huhama: ukitaja kanga ya buluu, beseni jekundu na ukuta wa kijani, si ajabu kupata beseni la buluu. Kwa hiyo wanaoonya kwamba maelezo mengi nayo yanaharibu wako sahihi. Jibu langu ni kupunguza vitu, na kila kinachobaki kielezwe vizuri. Mwanga mmoja, kitendo kimoja na vitu viwili au vitatu vilivyoelezwa kwa umbo vinatosha picha nyingi.

Kati ya pande hizi mbili yapo maneno yasiyo dhahiri wala matupu, kama "upweke", "shwari" au "msongamano". Hayo siyafuti haraka. "Msongamano" unahesabika kwa macho, na "upweke" mara nyingi huleta mtu mmoja mdogo katika nafasi kubwa, jambo ambalo huenda ndilo unalolitaka. Yanayopaswa kushukiwa ni yale yanayotoa hukumu tu.

Kwa neno lolote lenye shaka, kipimo kipo, nacho hakihitaji ubishi. Katika programu zinazoruhusu, weka namba ile ile ya mbegu, ile inayoamua chengachenga za mwanzo ambamo picha huchongwa, uache mipangilio mingine kama ilivyo, kisha utengeneze picha ukiwa na neno hilo na nyingine bila neno hilo. Rudia kwa mbegu nne au tano, kwa sababu jozi moja inaweza kudanganya. Picha zikibaki zilezile, neno halikuwa na kazi. Uso ukilainika, jua likiinama na masizi yakitoweka kwenye miguu ya jiko, neno lilikuwa na kazi ambayo hukuiagiza. Na kama mabadiliko ndiyo hasa uliyokuwa ukiyataka, yatazame vizuri, uyaandike kwa majina yake, kisha ulitoe neno lile uone kama yanabaki.