Kirefu cha UTI hakimsaidii shangazi

Kuna kanuni moja inayopendwa sana na ofisi za tafsiri: kifupisho kikitokea mara ya kwanza, andika kirefu chake, kisha kifupisho chenyewe kwenye mabano. Nimeifuata kwa miaka. Siku hizi, barua ya hospitali ikienda kwa mgonjwa Mfilipino, naiweka kando.

Barua iliyonibadilisha ilikuwa ya kurasa mbili. Mama wa miaka 58, mfanyakazi wa nyumbani hapa Maskati, alikuwa ametoka wodini na anarudi kwao Batangas. Daktari wake aliandika kwa mtindo wa Kiingereza: mgonjwa alikuja na UTI, akapewa antibiotiki IV, ana CKD hatua ya 3, BP ilikuwa 150/90, ameanzishiwa amlodipini miligramu 5 OD. Baada ya wiki mbili apime FBC, U&E na eGFR. Homa ikirudi, aende A&E. Mwisho kabisa, dawa ya macho ya latanoprosti, tone moja OD.

Mimi ni mratibu tu, Kifilipino changu ni cha kuokoteza. Anayetafsiri ni mwenzangu ninayemwita Ate, maana yake dada mkubwa, naye ana shangazi kijijini ambaye ndiye mtihani wetu. Ate alifuata kanuni kikamilifu, kisha akamsomea shangazi rasimu kwa simu. Alipofika kwenye *impeksiyon sa daanan ng ihi*, yaani maambukizi katika njia ya mkojo, shangazi alimkatiza kumuuliza huo ni ugonjwa gani tena. Ate akamwambia ni UTI. Jibu lilikuja na kicheko: *Ay, UTI! Bakit hindi na lang 'yon ang sinulat?* Kwa nini hamkuandika hivyo tu?

Sisi tusingeshangaa. Nenda zahanati yoyote Dar es Salaam uone nani anasema "maambukizi ya njia ya mkojo". Watu wanasema UTI. Na jaribu kuandika kirefu cha UKIMWI mahali pa UKIMWI uone msomaji anavyosita. Kuna vifupisho ambavyo vimeshakuwa neno lenyewe, na kirefu ndicho kinachohitaji kufafanuliwa.

Ufilipino vifupisho vya namna hiyo ni vingi kuliko kwetu, kwa sababu madaktari wanasomea kwa Kiingereza na kuandika cheti kwa Kiingereza, na mgonjwa anavidaka kama vilivyo. Sarufi nayo imevipokea. Kiambishi kinabandikwa kwa kistari: *magpa-BP* ni kwenda kupimwa presha, *na-ICU* ni kulazwa chumba cha mahututi, *na-CS* ni kujifungua kwa upasuaji. Ukitaka wakati ujao unarudia silabi, *magpapa-BP*. Ukiweka kirefu, kitenzi hicho kinavunjika na sentensi nzima inabidi ijengwe upya, ndefu na ya kiofisi. (Lugha yenyewe ina mzaha wake hapa: neno dogo la wingi, *mga*, linasomwa "manga", na *ng* linasomwa "nang". Wafilipino wamezoea kusoma kifupi na kutamka kirefu.)

Kwa hiyo UTI na BP tukaviacha vilivyo, bila mabano.

FBC ilitupa somo jingine. Kile kipimo cha damu ambacho Tanzania tunakiita FBP, na Waingereza FBC, Ufilipino kinaitwa CBC, na karibu kila mtu aliyewahi kuugua dengi anakijua. Kuiacha FBC kungemfanya mama afike maabara na herufi ambazo hakuna anayezitumia. Kuandika kirefu kwa Kifilipino kungempa maelezo sahihi asiyoweza kuyataja dirishani. Dawa yake ni kubadilisha herufi: CBC. Vivyo hivyo A&E ikawa ER, yaani idara ya dharura. Kanuni ya ofisi haina nafasi ya jambo hili, kwa sababu inadhani kifupisho kina njia mbili tu, kubaki au kufunguliwa.

U&E haikuwa na mwenzake wa kuaminika, kwa hiyo ikavunjwa: urea, sodiamu, potasiamu, kreatinini, kila kimoja kwa jina linaloandikwa kwenye fomu za maabara kule. IV ikatoweka kabisa, maana tiba ilishapita na mama hatakutana na herufi hizo tena kwenye safari yake. Tukaandika *idinaan sa ugat*, ilipitishwa kwenye mshipa.

Kilichotuchukua mchana mzima ni eGFR. Rasimu ya kwanza ilisema *tinatayang bilis ng pagsala ng glomerulus*, kasi inayokadiriwa ya uchujaji wa glomerulasi. Ni kirefu halisi, neno kwa neno, na ni upuuzi mtupu kwa shangazi. Lakini hatukuweza kuzifuta herufi, kwa sababu daktari wa kule ataziandika kwenye cheti na maabara itazichapa kwenye majibu, na mama lazima atambue kwamba namba ile ndiyo aliyoambiwa aifuatilie. Tukabakiza eGFR na kuipa kazi yake badala ya kirefu: *pagsusuri ng dugo na nagpapakita kung gaano kahusay magsala ang kidney*, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vizuri kiasi gani.

Mtaona nimeandika *kidney*. Neno la Kifilipino ni *bato*, na *bato* pia ni jiwe. Mtu mwenye mawe kwenye figo ana *bato sa bato*. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zinachoka polepole bila jiwe hata moja, Ate hakutaka kumwachia fumbo hilo. Kwenye CKD akaandika kwamba ni ugonjwa wa *kidney* wa muda mrefu, na CKD yenyewe ikabaki kwenye mabano mara moja tu, kwa ajili ya kliniki. Pale kanuni ya ofisi ilifaa. Siwezi kuinyima haki yake.

Mhariri wa ofisi aliirudisha kazi ikiwa na alama nyekundu tisa: "vifupisho havifanani". Nilimjibu kwamba havifanani kwa sababu havifanyi kazi moja. Kama ingekuwa fomu ya ridhaa ya utafiti ningemsikiliza zaidi, maana pale mtu anatia saini akiwa na haki ya kujua kila kitu, na jedwali la vipimo lina safu nyembamba zisizobeba virefu, kwa hiyo ufunguo wa herufi unakaa chini ya jedwali, ukurasa uleule. Barua ya mgonjwa haina mwenye kuikagua isipokuwa mgonjwa.

Ilibaki OD, mara mbili. Ya amlodipini haikuwa na utata: *isang beses sa isang araw*, mara moja kwa siku, na herufi zikaondoka. Kipimo cha dawa hakiachwi kwenye herufi mbili hata kama msomaji anadai anazijua. Ya latanoprosti ndiyo iliyotusimamisha. Kwa madaktari wengi OD ni mara moja kwa siku. Kwa wa macho ni jicho la kulia, kwa Kilatini. Na latanoprosti kwa kawaida hutiwa mara moja kwa siku, kwa hiyo huwezi kukisia kwa kuangalia dozi, maana zote mbili zinakubalika. Kama ni mara moja kwa siku, basi jicho lipi? Kama ni jicho la kulia, basi mara ngapi?

Ate alikuwa tayari ameandika "mara moja kwa siku". Nilimwomba asitume. Nikampigia daktari, nikaambiwa yuko raundi, nikapiga tena saa tisa.

"La kulia," akasema. "Usiku. La kushoto halina tatizo."

Ate akafuta, akaandika: *isang patak sa kanang mata, isang beses tuwing gabi.*