Basi Liliondoka au Lilikuwa Limeshaondoka?

Juzi nilikuwa nasahihisha zoezi la kujaza nafasi: "Tulipofika stendi, basi ______ (ondoka)." Mwanafunzi mmoja kaandika "liliondoka", mwingine "lilikuwa limeshaondoka". Mwongozo wa majibu ulitaka "lilikwisha ondoka" tu, na kwa mujibu wake wote wawili walistahili mkasi. Nilikataa.

"Liliondoka" ni Kiswahili safi, ila ni habari nyingine: tumefika, na hapo hapo basi likang'oa, pengine tumeliona likitoka getini. "Lilikuwa limeshaondoka" maana yake tumekuta pamebaki vumbi. Aliyeandika hivyo amepata, sawasawa na "lilikwisha ondoka" au "lilishaondoka". Lawama ni ya mtunzi wa zoezi. Angeandika "Tulipofika stendi, basi ______ (ondoka), ikabidi tulale mjini," msomaji angeanza kuona jibu linaelekea wapi. Na angeongeza "tulikuta stendi tupu", shaka ingeisha kabisa.

Wapo wanaoshikilia kwamba "sha" ni uvivu wa mdomo, eti kwisha ndiyo sahihi. Ni kweli sha imetokana na kwisha: amekwisha kufika, amekwisha fika, amekwishafika, ameshafika. Lakini mtoto akitumwa dukani akarudi mikono mitupu, atasema, "Sukari imeshakwisha." Zote mbili zimo katika neno moja: sha inasema jambo limekuwa tayari, kwisha inasema sukari haipo. Sha ingekuwa kwisha iliyofupishwa tu, sentensi hiyo isingesemeka.

Hilo "tayari" ndilo mazoezi mengi yanalisahau. "Mama amelala" inaeleza hali aliyo nayo sasa. "Mama ameshalala" inamjibu mtu aliyedhani bado yu macho. Ndiyo maana nafasi kama "Mama ______ (lala)" haipimi chochote. Zote mbili zinaingia.

Mimi siku hizi natunga kwa mazungumzo ya watu wawili:

"Karibu chai, shangazi."
"Ahsante mwanangu, ______ (nywa) nyumbani."

Hapo "nimeshakunywa" inakuja yenyewe, kwa sababu karibu imetangulia. Kosa ninalolikuta sana ni "nimeshanywa". Kitenzi cha silabi moja kinabaki na ku baada ya sha, kwa kuwa sha haibebi mkazo: nimeshakula, wameshakuja, ameshakufa. Ukikanusha, ku inaondoka: sijanywa, hawajaja. Na sha nayo inaondoka, kwa hiyo anayeandika "sijashakunywa" amebeba mzigo usiokuwepo. Kinyume cha "nimeshakunywa" ni "sijanywa bado", na mezani shangazi mwenye njaa atakujibu kwa neno moja tu: "Bado."