Popo Mmoja Kanila Alama Nzima

Jamani, mimi sikatai kufeli. Kufeli tunajuana, tumesoma darasa moja. Swali nikilikosa lote, nainamisha kichwa na maisha yanaendelea. Lakini kufeli huku unajua! Hilo ndilo limeninyima usingizi tangu juzi.

Nimejiandikisha kozi ya biolojia ya jioni, mtu mzima na mvi zangu. Mtihani ni wa kompyuta, maswali 20, na kufaulu ni asilimia 70, yaani ukipata 14 umepona. Maswali 14 yalikuwa na viduara pembeni. Kiduara hakina makuu: ukibonyeza kingine, cha kwanza kinajifuta chenyewe, kwa hiyo jibu ni moja tu. Huko nikapata 12. Nikajisemea, mzee, leo unatoka na cheti.

Ndipo yakaja sita yenye vijisanduku vya mraba. Kisanduku hakifuti chochote. Unaweza kuweka tiki kimoja, vitatu au vyote vitano, mashine inakuangalia tu kama mama mkwe anavyomtazama mkwe akijipakulia chakula. Swali lenyewe: "Wepi kati ya hawa ni mamalia? Chagua wote walio sahihi." Chini yake popo, nyangumi, papa, pomboo, pengwini.

Nikacheka. Papa ni samaki, huyo nje. Pengwini hata avae koti vipi, ni ndege, anataga mayai. Nyangumi anavuta hewa kwa mapafu na ananyonyesha, tiki. Pomboo vilevile, tiki. Nikabaki na popo. Sasa popo, toka utotoni tunaambiwa ndiye yule ndumilakuwili: wanyama wakishinda vita yeye ni mnyama, ndege wakishinda yeye ni ndege. Nikasema huyu kigeugeu simwingizi kwenye mtihani wangu. Nikamwacha nje, nikabonyeza "Wasilisha".

Kumbe popo anazaa na kunyonyesha. Mamalia kamili, tena mwenye mabawa! Sawa, nimekosea, nakiri. Lakini sikilizeni mashine ilichoniandikia: "Umechagua kwa usahihi 2. Alama: 0 kati ya 1."

Sifuri! Yaani imehesabu, imeona mawili ni ya kweli, imeyataja kwa maandishi, halafu ikanipa sifuri. Si bora ingenyamaza? Ni kama mtu akuambie "nimeuona mkono wako" halafu asiupokee.

Jirani yangu wa kiti cha kushoto, yeye kaweka tiki papa peke yake. Papa! Kapata sifuri. Mimi niliyekosea popo mmoja, sifuri. Wa nyuma yetu alisinzia, hakugusa kitu, naye sifuri. Tumekaa watatu kwenye mstari mmoja kama ndugu wa tumbo moja.

Jumla yangu ikawa 13. Katika yale sita ya visanduku nimeambulia moja tu, na kati ya matano niliyokosa, manne nimeteleza kisanduku kimojakimoja. Nikamfuata mwalimu, kijana mpole, umri wa mwanangu wa pili.

"Mwalimu, shikamoo ni yako wewe kunipa leo, lakini mimi ndiye nimekuja kulia."

"Marahaba nakuachia wewe, mzee wangu," akacheka. "Shikamoo. Shida nini?"

Nikamweleza. Akasema mashine haipimi tiki mojamoja. Inachukua kundi la tiki zako zote, inaliweka juu ya kundi la majibu, na inauliza neno moja tu: yanalingana au hayalingani? Ikipungua moja, hayalingani. Ikizidi moja, hayalingani.

"Sasa si mngenipa hata theluthi mbili?" nikasema. "Nimepata wawili kati ya watatu."

"Nikitoa alama kwa kila tiki sahihi bila kukata kwa tiki mbaya," akasema, "kesho wewe utaweka tiki kote. Watatu wa kweli watakuwamo, na utachukua alama nzima bila kusoma hata ukurasa."

Nikanyamaza, maana kweli wazo hilo lilikuwa limeshanipitia.

Nikauliza, hakuna njia ya katikati? Akavuta karatasi. Kumbe ipo! Mamalia ni watatu, kwa hiyo kila tiki sahihi inabeba theluthi moja. Wasio mamalia ni wawili, kwa hiyo kila tiki mbaya inakata nusu. Mwenye kuweka tiki kote anapata theluthi tatu, anakatwa nusu mbili, anabaki mikono mitupu. Mimi na nyangumi wangu na pomboo wangu napata theluthi mbili bila kukatwa. Jirani na papa wake anadaiwa nusu, ila kwa huruma wanamsimamisha kwenye sifuri. Hapo ndipo mtu anaona haki! Kwa swali hilo moja ningefika 13 na theluthi mbili, na bado nilikuwa na mengine matatu ya kuteleza kidogo.

"Au," akaendelea, "tungehesabu kila kisanduku kama swali la ndiyo au hapana. Wewe ungepata vinne kati ya vitano."

"Hiyo! Hiyo hiyo!"

"Ila yule aliyesinzia naye angepata viwili, kwa kuwa hakumgusa papa wala pengwini."

Hapo nikaona kila njia ina mvivu wake.

Kisha akanipigia hesabu iliyonimaliza kabisa. Tuseme mtu ana uhakika wa asilimia 90 kwa kila kisanduku. Msomi huyo, si mimi. Ili apate alama lazima avipatie vyote vitano kwa mpigo, kwa hiyo unachukua 0.9 tano na kuzizidisha zenyewe kwa zenyewe, inatoka kama 0.59. Anajua tisa katika kumi, lakini katika maswali kumi ya namna hii anaondoka na kama sita. Mwenye asilimia 80 anaondoka na kama matatu. Na mbahatishaji? Kila kisanduku kina hali mbili, vitano vinatoa mipangilio 32, na sahihi ni mmoja tu. Kwa hiyo mbahatishaji anakomeshwa vizuri, nakubali, ila sisi wenye nusu elimu tunapigwa fimbo ileile.

"Basi mngeandika hata 'chagua watatu'," nikasema. Kwa maana ningejua ni watatu, baada ya nyangumi na pomboo ningelazimika kumchukua mmoja kati ya popo, papa na pengwini. Hata kwa kinyongo, ningemchukua popo. Mwalimu akasema hiyo kweli ingepunguza mipangilio kutoka 32 hadi 10, na kwenye mtihani wa marudio ataandika idadi. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikasoma popo mpaka nikamjua ukoo mzima.

Leo ndiyo marudio. Swali la visanduku la kwanza: "Wepi kati ya hawa hutaga mayai? Chagua wanne." Mamba, tiki. Kobe, tiki. Pengwini, tiki, huyu sasa ni rafiki. Wamebaki wawili. Wa kwanza ni popo, ambaye sasa najua ni mamalia, na mamalia wanazaa.

Wa pili ni platipasi. Nimemsoma huyu, ana nywele mwilini, na ananyonyesha. Mamalia.

Nimeshika kipanya dakika ya sita sasa, na popo ananiangalia.