Watu laki tisa wa mji upi?

*“Kila ikifika siku ya kumbukumbu ya hati ya mji, hotuba ni ile ile: tulikuwa watu elfu hamsini na kitu, leo tunakaribia laki tisa. Mimi naishi Vikokotoni, naona nyumba zinahamwa na watu wanapungua. Meya anahesabu mji gani?”*

Hesabu zote mbili ni za kweli, ila si za mji mmoja. Sensa ya 1958 ilikuta watu 57,923 katika mji wa Zanzibar: Mji Mkongwe pamoja na Ng'ambo, basi. Sensa ya 2022 ilikuta watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na mkoa huo unaanzia Forodhani, unapita Amani na Mwanakwerekwe, unafika Fuoni, Chukwani na Bububu na kuendelea. Gawanya ya pili kwa ya kwanza utapata mara kumi na tano na ushei, na hotuba itapigiwa makofi. Lakini Bububu ya 1958 haikuwa pori tupu. Ilikuwa na watu wake na misikiti yake, na Fuoni vivyo hivyo. Watu wale hawakuingia katika zile 57,923, ilhali wajukuu wao wamo katika laki tisa. Kwa hiyo ndani ya hizo mara kumi na tano kuna uzazi, kuna wahamiaji, na kuna mstari wa mpaka uliosogea na kuwakuta watu wamekaa majumbani mwao.

Sasa tufanye hesabu kwa eneo lisilobadilika sana. Mwaka 1978 mkoa huu wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 142,041. Kutoka hapo hadi 893,169 ni mara sita na kidogo katika miaka 44, sawa na ongezeko la asilimia nne na kitu kila mwaka. Hiyo ndiyo namba ambayo meya angeweza kuisema bila mtu kumshika. Nayo si ndogo! Mji unaokua kwa kasi hiyo huongezeka mara mbili kila baada ya miaka kumi na sita au kumi na saba. Maana yake, skuli ikijengwa leo kwa kutosheleza watoto wa leo, mtoto anayezaliwa mwaka huu atakapofika kidato cha nne atakuta inahitajika nyengine kama hiyo.

Halafu chukua mji wa ndani peke yake, yaani Wilaya ya Mjini. Mwaka 2002 ilikuwa na watu kama 206,000. Mwaka 2012 ilifika 223,033. Mwaka 2022 ikarudi kwenye 219,000 hivi. Katika miaka kumi ambayo mkoa mzima uliongeza watu karibu laki tatu, wilaya yenye jina la mji haikuongeza mtu. Watu wote hao wapya walijaa upande wa Magharibi, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu 370,645 na sasa, baada ya kugawiwa Magharibi A na Magharibi B, una jumla ya watu kama 674,000. Kabla ya kuapa kwamba Mjini imepungua, mtu aangalie kwanza kama orodha ya shehia za 2012 na za 2022 ni ile ile, kwani shehia moja ikihamishiwa wilaya ya pili huondoka na maelfu ya watu bila hata mmoja kufunga mzigo. Lakini hata ukiweka nafasi kwa hilo, mwelekeo uko wazi: katikati kumesimama, pembeni kunafurika.

Aliyeniuliza anaishi Vikokotoni, ndani ya hiyo Wilaya ya Mjini, na mimi najua nyumba moja ya huko huko inayoeleza jambo hili kuliko jedwali lolote. Ni nyumba ya ghorofa moja, ngazi ya mbao, baraza ya saruji iliyolika ukingoni. Zamani chini walilala watoto wa kiume, juu wazee na mabinti, na uani kulikuwa na jiko la kuni na mtungi. Leo chini kuna maduka mawili ya nguo na kijichumba cha kuwekea mizigo. Juu amebaki bibi na mjukuu wake mmoja anayesoma. Kijana mkubwa amejenga Fuoni, wa pili Chukwani, binti ameolewa Magogoni. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa, kwa hivyo Agosti 2022 nyumba ile iliandikiwa watu wawili. Asubuhi yake, saa tatu, ukipita pale ungewakuta kumi na moja: wenye maduka wameshuka kwenye daladala, wasaidizi wao wanatundika madera mlangoni, na kijana mkubwa amepita kumletea mama yake mkate kabla ya kwenda kazini. Wote hao wameandikwa Magharibi, na wote wanaitumia Mjini.

Hapa ndipo ninapomtetea meya, na namtetea kwa dhati. Anayesema mji wa Zanzibar ni Wilaya ya Mjini tu atalazimika kusema pia kwamba mji huu haukui, jambo ambalo mtu yeyote aliyekwama Mwanakwerekwe saa kumi na moja jioni atalikataa. Mji ni pale watu wanapolala pamoja na pale wanapochumia, na mstari unaopita kati ya nyumba na duka la mtu mmoja haugawi mji kuwa miwili. Tena sisi tuna historia ya mstari kama huo. Neno lenyewe Ng'ambo ni neno la mpaka: upande wa pili wa maji. Palikuwa na mkono wa bahari ukiutenga Mji Mkongwe na bara yake, ukavukwa kwa daraja, na ndiyo maana soko likaitwa Darajani. Ule mkono ukafukiwa kidogo kidogo hadi ukawa barabara. Wakati wa ukoloni wenye kupanga mji waliweka fikra zao zaidi upande wa mawe, ingawa wakaazi wengi walikuwa upande wa pili. Yaani tulikuwa na mji ambao wengi wa watu wake waliitwa wa ng'ambo. Meya anayewaita watu wa Fuoni na Bububu wenyeji wa mji anafanya haki ambayo watu wa Kikwajuni na Miembeni, kule Ng'ambo, walicheleweshewa.

Lakini utetezi wangu unakomea hapo, kwa sababu kumbukumbu ya hati ya mji inahusu chombo cha sheria, na chombo kina mpaka, kina madiwani na kina mfuko. Baraza la Manispaa ya Zanzibar liliwekewa sheria yake mwaka 1995, Sheria namba 3. Ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa namba 7 ya 2014, na leo ndani ya mkoa kuna manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Ukisema “sisi tumekua kutoka 57,923 hadi 893,169”, hiyo “sisi” imebadilika mara kadhaa katikati ya sentensi. Na si suala la lugha tu. Ada ya leseni ya duka la chini pale Vikokotoni inaingia Manispaa ya Mjini. Taka za nyumbani za mwenye duka huyo zinazolewa Magharibi B, na ni manispaa ile inayotakiwa kuzizoa. Jaa la Kibele, zinakoishia, halimo hata katika mkoa huu. Liko Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini. Hotuba inayojumlisha watu wote katika namba moja inazificha njia hizi tatu, na diwani wa Fuoni akisimama kudai gari la pili la taka anaonekana mlalamishi, wakati yeye ndiye aliyebebeshwa wale watu laki tatu.

Waliotutangulia katika jambo hili ni Nairobi. Mji ule ulipata hati ya kifalme ya kuwa jiji tarehe 30 Machi 1950, kwa hiyo wao wana siku moja wanayoweza kuiadhimisha bila ubishi. Sensa ya 1962 ilikuta humo watu 266,794. Mwaka 1963 mipaka ikapanuliwa, eneo likatoka kiasi cha kilomita za mraba 90 hadi karibu 690. Sensa ya 1969 ikahesabu watu 509,286. Anayesoma namba hizo mbili peke yake atasema jiji limekaribia kuongezeka maradufu kwa miaka saba, yaani zaidi ya asilimia tisa kwa mwaka. Ila ndani ya mipaka mipya, watu wa 1962 walikadiriwa kuwa 343,500. Watu zaidi ya elfu sabini na sita waliingizwa jijini na kalamu. Ukianzia hapo, ongezeko ni chini kidogo ya asilimia sita kwa mwaka. Bado ni kubwa, lakini aliyepanga mabomba ya maji kwa asilimia tisa na aliyepanga kwa asilimia sita hawatajenga mabomba ya unene mmoja, na mmoja wao atakuwa amekosea kwa fedha za watu.

Kuna anayesema hotuba ya sherehe si ripoti ya mtakwimu, watu wamekuja kufurahi, mwache mzee aseme namba nzuri. Nimelifikiria hilo na silikubali. Namba ya sherehe ndiyo inayobaki vichwani. Ndiyo atakayoiandika mwanafunzi katika insha, na ndiyo itakayonakiliwa katika ombi la mradi. Na kurekebisha kwenyewe hakuhitaji zaidi ya sentensi mbili. Meya angesema hivi: “Eneo ambalo leo ni Mjini Magharibi lilikuwa na watu 142,041 mwaka 1978, na mwaka 2022 lilikuwa na watu 893,169. Katika miaka kumi ya mwisho karibu wote walioongezeka wamekaa nje ya Wilaya ya Mjini.” Hakuna kilichopungua katika fahari ya mji, na waliokaa mbele, madiwani wa manispaa zote tatu, wangejua hapo hapo kinachofuata ni mazungumzo gani.

Naye ndugu yangu wa Vikokotoni, asiseme watu wanahama mji. Bibi wa nyumba ile nilimuuliza wanawe wamehamia wapi. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto, akanionesha kwa kidole dirisha la mashariki: “Hawajahama. Wamelala kule tu.”