Waraka wa Mweka Hazina: Sasa Mtadaiwa na Mtambo

Wanachama wenzangu, salamu zangu zipokeeni, maana simu zangu hamzipokei.

Kuanzia mwezi ujao sitampigia mtu kumkumbusha mchango. Tarehe 25 saa tatu asubuhi, mtambo utamtumia meseji kila ambaye daftari linasema hajalipa. Wapo waliopendekeza tarehe 31. Nia yao naijua: miezi 5 katika mwaka haina tarehe hiyo, na mtambo ukikosa siku uliyopangiwa unaweza kunyamaza mwezi mzima. Hongereni kwa hesabu, ila tunabaki na 25.

Katibu naye alitaka tumalizie kwa kikaragosi cha tabasamu, eti deni lisiume. Meseji moja hubeba herufi 160, lakini ukichomeka kikaragosi kimoja tu nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wetu una herufi kama 120, kwa hiyo ungekatwa vipande viwili na tungetozwa vyote viwili, kwa kila mwanachama, kila mwezi. Katibu akitaka kutabasamu, atabasamu mkutanoni, huko ni bure.

Sasa sikieni panapoleta ugomvi. Mtambo haujui sura ya mtu, unajua namba tu. Chukueni mfano wa mwanachama namba 14. Simu yake imezima chaji, analipa kwa simu ya shemeji. Pesa inaingia vizuri, ila kwa jina na namba ya shemeji, ambaye si mwanachama. Mtambo unaiweka kwenye fungu la pesa zisizo na mwenyewe, na mbele ya 14 panabaki sifuri. Tarehe 25 anadaiwa, anakuja kwangu amefura, stakabadhi mkononi, mbele ya watu! Dawa yake ni ndogo: ukilipa kwa simu ya mwingine, pale kwenye maelezo ya malipo andika namba yako ya uanachama. Andika 14, basi. Usiandike “mchango wangu”, maana wote mnasema ni wangu, wala “ni mimi”. Mimi nani?

Ukidaiwa na umelipa, niletee namba ya muamala, nitakuhamishia pesa yako kutoka kwenye fungu hilo siku hiyohiyo. Usijibu meseji yenyewe. Inatoka kwa jina la chama, si kwa namba ya simu, kwa hiyo jibu halimfikii mtu. Wale wa “niko safarini, nikirudi tu nalipa”, huo utunzi wenu umekosa msomaji.

Wenu,
Mweka Hazina

Nyongeza: aliyebadilisha laini anijulishe. Namba iliyoachwa, baada ya muda kampuni humpa mtu mwingine, na sipendi tumdai mgeni asiyetujua. Ingawa kwa ninavyowafahamu, mgeni huyo anaweza akalipa kabla yenu.